Adhabu Iishie Wapi? Malengo Manne ya Adhabu katika Historia ya Sheria ya Tanzania Bara

Mwaka 1963, miaka miwili baada ya uhuru, Bunge la Tanganyika lilipitisha Sheria ya Kima cha Chini cha Adhabu, ambayo iliorodhesha makosa kadhaa, yakiwemo wizi wa mifugo, uvunjaji wa nyumba, unyang'anyi, wizi wa mali ya umma na rushwa, kisha ikamwamuru hakimu asitoe kwa makosa hayo kifungo kinachopungua miaka 2, na pamoja na kifungo hicho mtu achapwe viboko 24. Viboko hivyo viligawanywa mara mbili: 12 mfungwa anapoingia gerezani na 12 kabla hajatoka. Sheria hiyo ilifutwa na kuandikwa upya mwaka 1972, ikarekebishwa tena mwaka 1989, na katika kila hatua jambo moja lilibadilika, nalo ni lengo ambalo dola ilikuwa inalitafuta kwa kumwadhibu mtu. Kwa sababu hiyo, historia ya sheria hii inafaa kuliko nyingi kwa mwanafunzi anayetakiwa kulinganisha malengo manne ya adhabu, yaani malipo ya kosa, uzuiaji kwa hofu, urekebishaji, na kumwondolea mkosaji uwezo wa kutenda tena.

Malengo haya hufafanuliwa kwa kawaida kama orodha, kila moja na maana yake, faida zake na kasoro zake, lakini tofauti iliyo nzito zaidi kati yake hujitokeza pale kila lengo linapoulizwa adhabu iishie wapi. Lengo la malipo hujibu kwamba adhabu iishe pale inapolingana na uzito wa kosa. Lengo la kuzuia hujibu kwamba iishe pale hofu inapotosha kuwarudisha nyuma wengine. Lengo la kurekebisha hujibu kwamba iishe mfungwa anapokuwa tayari kuishi na wenzake. Na lengo la kuondoa uwezo hujibu kwamba iishe hatari ya mtu huyo inapokwisha. Majibu hayo manne hayakutani isipokuwa kwa bahati, na sheria inayodai kuyatumikia yote kwa pamoja hulazimika, bila kusema, kuchagua moja la kuyatawala mengine.

Malipo na kisasi

Malipo ya kosa, ambayo ndiyo lengo la kale zaidi, hutazama nyuma: mtu anaadhibiwa kwa kuwa ametenda, na kwa kiasi alichotenda, iwe adhabu hiyo italeta faida baadaye au haitaleta. Lengo hili huchanganywa mara nyingi na kisasi, ingawa viwili hivi hutengana katika suala la kipimo. Kisasi huongozwa na hasira ya aliyedhulumiwa na ndugu zake, hivyo hakina mwisho unaojulikana, ilhali malipo huongozwa na mtu wa tatu, awe kadhi, baraza la wazee au hakimu, ambaye kazi yake ya kwanza ni kuweka mpaka. Kanuni ya jicho kwa jicho, iliyomo katika sheria za Hamurabi wa Babeli na katika Torati, ilikuwa na sura ya ukali, lakini pia ilikuwa kizuizi, kwa kuwa ilimkataza aliyepoteza jicho moja kudai mawili.

Mwanafalsafa wa Prusia Imanueli Kanti, katika kitabu chake cha mwaka 1797 juu ya misingi ya sheria na maadili, aliupa mtazamo huu sura yake kali kuliko zote aliposema kwamba hata jamii inayokubaliana kuvunjika na watu wake kutawanyika duniani ingepaswa kwanza kumnyonga muuaji wa mwisho aliyebaki gerezani. Hoja yake ilikuwa kwamba binadamu asitumiwe kamwe kama chombo cha kuwanufaisha wengine, na kwamba kumwadhibu kwa sababu nyingine yoyote zaidi ya kosa lake ni kumgeuza chombo. Ndani ya ukali huo mna ulinzi ambao malengo mengine matatu hayautoi: asiye na kosa haadhibiwi kabisa, na mwenye kosa dogo haadhibiwi kama mwenye kosa kubwa.

Hofu kama chombo cha utawala

Uzuiaji kwa hofu hutazama mbele. Unadai kwamba adhabu ni uovu unaohalalishwa tu na maovu makubwa zaidi unayoyazuia, na hugawanyika katika sehemu mbili, yaani kumtisha mkosaji mwenyewe asirudie, na kuwatisha watu wengine wasijaribu. Mahakimu wa Tanzania huyatamka yote mawili kwa pumzi moja wanaposema kwamba adhabu imetolewa ili iwe fundisho kwa mshtakiwa na kwa wengine wenye tabia kama yake.

Katika nchi hii hofu ilitumika kwanza kama chombo cha utawala wa kigeni. Amri ya kansela wa Ujerumani ya mwaka 1896 iliruhusu Waafrika katika makoloni kuchapwa viboko visivyozidi 25 kwa mara moja, na kama adhabu ilikuwa na awamu ya pili, isitekelezwe kabla ya wiki mbili kupita. Wanawake hawakupaswa kuchapwa, wala Waarabu na Wahindi. Watu wa Afrika Mashariki ya Kijerumani waliiita adhabu hiyo hamsa ishirini. Amri yenyewe ilionyesha kwamba malipo hayakuwa lengo lake, kwa kuwa ukubwa wa kosa ungekuwa kipimo, rangi ya mtenda kosa isingetajwa. Kilichopimwa kilikuwa ni nani anapaswa kuogopa.

Mwitaliano Chezare Bekaria alikuwa ameandika mwaka 1764, zaidi ya karne moja kabla ya amri hiyo, kwamba kinachomzuia mtu si ukali wa adhabu bali uhakika wake na upesi wake, kwa maana mwizi anayeamini hatakamatwa hajali kama kifungo ni cha miaka 2 au 10. Mwingereza Jeremi Bentamu, katika kitabu chake cha mwaka 1789, aliigeuza hoja hiyo kuwa hesabu: maumivu ya adhabu yazidi kidogo faida ya kosa, lakini yasizidi kinachohitajika, kwa sababu maumivu ya ziada ni hasara tupu. Kwa hiyo hata lengo la kuzuia, likifuatwa kwa uaminifu, lina mpaka wake. Tatizo ni kwamba mpaka huo unategemea takwimu za mwenendo wa watu ambazo mtunga sheria mara nyingi hana, na asiyekuwa nazo huwa na kishawishi cha kuongeza adhabu kila uhalifu unapoonekana kutopungua.

Sheria ya 1963 na mikono ya hakimu

Waingereza, walioshika Tanganyika baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, walileta Kanuni ya Adhabu ya mwaka 1930, ambayo kwa makosa mengi iliweka kiwango cha juu tu na kumwachia hakimu kuchagua chini yake. Mfumo huo ulimruhusu hakimu kupima mambo mengi kwa pamoja: umri wa mshtakiwa, kama ni kosa lake la kwanza, thamani ya mali, na kama amejutia. Katika miaka ya 1930 lilianzishwa pia gereza la kilimo la Kingolwira, karibu na Morogoro, ambako wafungwa waliochaguliwa waliishi bila kuta na kufanya kazi za shamba, kwa imani kwamba aliyezoeshwa kazi na kuaminiwa kidogo kidogo hatarudi kwenye wizi. Hii ni mbegu ya urekebishaji, lengo ambalo humwona mkosaji kama mtu mwenye upungufu unaoweza kuondolewa kwa elimu, ufundi, ushauri au nidhamu.

Sheria ya 1963 iliupindua mpangilio huo. Iliweka sakafu ambayo hakimu hakuruhusiwa kushuka chini yake, na mlango wa kutokea ulikuwa mwembamba: mshtakiwa awe mkosaji wa mara ya kwanza, mali iwe na thamani isiyozidi shilingi 100, na kuwe na mazingira maalumu yanayostahili huruma. Wanawake hawakuchapwa, wala wanaume waliozidi miaka 45, lakini kifungo kilibaki. Mgawanyo wa viboko unaeleza lengo la watunga sheria kuliko maelezo mengine yoyote. Viboko 12 vya mwanzo vingeweza kuelezwa kama malipo, lakini vile 12 vya mwisho vilimngoja mtu aliyekwisha kutumikia kifungo chake, hata kama mwenendo wake gerezani ulikuwa safi, ili aondoke na kumbukumbu mpya ya maumivu na ili kijiji anachorudi kisikie habari zake. Kwa jicho la urekebishaji jambo hilo halina maana, kwa kuwa linamvunja mtu siku ileile anayotakiwa kuanza upya. Kwa jicho la hofu lina maana kamili.

Athari za sakafu hiyo zinaonekana vizuri kwa mfano wa kufikirika. Mkulima mmoja, asiyewahi kushtakiwa, anaiba mbuzi wawili wenye thamani ya shilingi 90 wakati wa njaa; mwingine, katika hali ileile, anaiba mbuzi watatu wenye thamani ya shilingi 130. Wa kwanza anaweza kuonewa huruma na kupewa adhabu ndogo, wakati wa pili, kwa tofauti ya shilingi 40, anapata miaka 2 na viboko 24. Lengo la malipo linakataa matokeo hayo, kwa sababu uovu wa watu hao wawili ni karibu sawa. Lengo la kuzuia nalo linayatilia shaka, kwa sababu mwenye njaa hahesabu thamani ya mbuzi kabla ya kufungua zizi. Hapo ndipo inapoonekana dosari inayozirudia sheria za namna hii kila mahali: hakimu akifungwa mikono, uamuzi hautoweki bali huhamia kwa polisi na waendesha mashtaka, ambao huchagua kosa la kuandika kwenye hati ya mashtaka, ingawa wao hawatoi sababu zao hadharani na uchaguzi wao haukatiwi rufaa.

Kutoka viboko hadi miaka

Sheria ya mwaka 1972 iliondoa viboko lakini ikarefusha vifungo. Badiliko hilo linaweza kusomwa kama ulegezaji, kwa kuwa mwili wa mfungwa uliachwa, lakini kwa mtazamo wa malengo lilikuwa jambo jingine. Kiboko hakimzuii mtu kuiba kesho yake ila kwa hofu, ilhali ukuta wa gereza humzuia hata asipoogopa. Kadiri vifungo vilivyorefushwa ndivyo lengo la nne, kumwondolea mkosaji uwezo wa kutenda, lilivyopata nafasi katika sheria hii.

Nafasi hiyo ilipanuka sana mwaka 1989, marekebisho yalipoweka kwa unyang'anyi wa kutumia silaha kifungo kisichopungua miaka 30, na wakati huohuo viboko vikarudishwa. Kuondoa uwezo ni lengo linaloeleweka kwa urahisi kuliko yote, kwa sababu halidai mfungwa abadilike wala halidai wengine waogope. Linadai tu kwamba aliye ndani hawezi kumvamia mtu aliye nje. Urahisi huo huficha mambo mawili. La kwanza ni umri. Takwimu za uhalifu katika nchi nyingi, tangu Mbelgiji Adolfe Ketele alipozichambua mwaka 1831, zinaonyesha kwamba uhalifu wa nguvu hupanda katika ujana na kushuka mtu anapokaribia umri wa makamo. Kijana wa miaka 22 anayehukumiwa miaka 30 anazuiwa kwa hakika katika ile miaka ambayo angekuwa hatari zaidi, lakini kifungo kinaendelea hadi umri wa miaka 52, na kwa sehemu kubwa ya muda huo dola inamlisha, inamlinda na kumtibu mtu ambaye, kwa kipimo cha lengo hilohilo, hatari yake imekwisha kupungua. La pili ni nafasi iliyoachwa. Mnyang'anyi anayefanya kazi peke yake akifungwa, unyang'anyi wake unakoma. Aliye katika genge huweza kuzibwa pengo lake na kijana mwingine, na idadi ya matukio isibadilike.

Hapo malipo na uondoaji wa uwezo huachana waziwazi. Watu wawili waliovamia duka moja kwa panga moja wanastahili malipo sawa. Lakini ikiwa mmoja ana makosa matatu nyuma yake na mwingine hana hata moja, lengo la kuondoa uwezo linataka wa kwanza akae zaidi, si kwa alichofanya dukani bali kwa kinachotabiriwa kwamba atakifanya. Utabiri ukikosewa, mtu anakuwa ameadhibiwa kwa kosa ambalo lisingetendeka, na kosa hilo la utabiri haligunduliki kamwe, kwa kuwa aliyefungwa hapati nafasi ya kuthibitisha kwamba asingelitenda.

Urekebishaji unaobaki pembeni

Urekebishaji haukutoweka katika miaka hiyo, ila ulihamia kwenye sheria nyingine. Ndani ya magereza uliendelea kwa njia ya kazi na ufundi, kama ushonaji wa viatu na bidhaa za ngozi katika gereza la Karanga, Moshi. Sheria ya Bodi za Parole ya mwaka 1994 iliruhusu baadhi ya wafungwa wa vifungo virefu wamalizie sehemu ya kifungo nje kwa masharti, baada ya bodi kuridhika na mwenendo wao, na Sheria ya Huduma kwa Jamii ya mwaka 2002 ikaruhusu mkosaji wa kosa lenye kifungo kisichozidi miaka 3 afanye kazi ya umma bila malipo akiishi nyumbani kwake.

Mipaka ya sheria hizo mbili inaonyesha ni lengo gani lililobaki na sauti ya mwisho. Mfungwa wa unyang'anyi wa kutumia silaha hakuingizwa miongoni mwa wanaoweza kupewa parole, na huduma kwa jamii haikumgusa kabisa. Urekebishaji uliruhusiwa pale ambapo hofu na ulinzi havikuwa na madai makubwa. Kwa upande mwingine, lengo hili lina hatari ambayo watetezi wake huisahau: likiachiwa litawale peke yake, adhabu haina tarehe ya mwisho, kwa kuwa mwizi wa kuku asiyerekebika angekaa ndani kuliko mnyang'anyi aliyejifunza useremala kwa mwaka mmoja. Mwaka 1974 Mmarekani Roberti Martinsoni, baada ya kupitia tafiti nyingi za programu za magereza, alitangaza kwamba hakukuwa na ushahidi wa kutosha kuwa zinapunguza urudiaji wa makosa. Baadaye alilegeza msimamo huo, lakini tangazo la kwanza lilikuwa limekwisha kuwapa nguvu waliotaka vifungo virefu visivyobadilika. Funzo lililobaki ni kwamba urekebishaji unapaswa kupimwa kwa swali moja linaloweza kujibiwa, yaani ni wangapi wanaorudi gerezani wakilinganishwa na wenzao wasiopitia programu hiyo, na si kwa idadi ya vyeti vilivyotolewa.

Mahakama mbele ya adhabu ya mwisho

Kesi ya Mbushuu ililazimisha malengo haya yatajwe kwa majina yake. Mwaka 1994 Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu aliamua kwamba adhabu ya kifo ni ya kikatili, inatweza utu na inapingana na Katiba. Jamhuri ilikata rufaa, na mwanzoni mwa mwaka 1995 Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba adhabu hiyo ni ya kikatili na ya kutweza utu kwa asili yake, lakini ikaamua kwamba inalindwa na ibara ya 30(2) ya Katiba, inayoruhusu sheria zinazobana haki kwa ajili ya maslahi ya umma. Kuhusu hoja ya kuzuia, majaji waliona hakuna uthibitisho wa mwisho, kwa upande wowote, kwamba kunyonga huzuia mauaji kuliko kifungo cha maisha, na kwamba katika hali hiyo uamuzi ni wa jamii.

Adhabu ya kifo huyaweka malengo manne kwenye mizani iliyo wazi. Urekebishaji unafutwa kabisa. Uwezo wa kutenda unaondolewa kikamilifu, lakini kifungo cha maisha kinaufikia karibu sawasawa. Uzuiaji unakuwa na nguvu tu ikiwa kunyonga kunatisha kwa kiasi kinachozidi kifungo cha maisha, jambo ambalo mahakama iliona halijathibitishwa. Kinachobaki ni malipo, na malipo yenyewe hayaungi mkono adhabu ya kifo ya lazima, kwa kuwa anayempiga mwenzake rungu katika ugomvi wa pombe na anayepanga mauaji kwa miezi wote huweza kutiwa hatiani kwa mauaji ya kukusudia bila kustahili kipimo kimoja. Mahakama ya Juu ya Kenya ilifuata njia hiyo mwaka 2017 katika kesi ya Muruatetu, ilipotangaza kwamba ulazima wa adhabu ya kifo kwa mauaji ni kinyume cha Katiba, bila kuifuta adhabu yenyewe. Mwaka 2019 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Arusha, ilitoa uamuzi wa mwelekeo huo dhidi ya Tanzania.

Kwa mwanafunzi anayeandika insha ya mtihani, mfululizo huu unatoa njia ya kulinganisha iliyo bora kuliko kupanga faida na kasoro katika safu nne. Aanze kwa kutenga lengo linalotazama nyuma na yale matatu yanayotazama mbele. Kisha aonyeshe kwamba haya matatu hutofautiana kwa mtu yanayemlenga, kwa kuwa uzuiaji husema hasa na umma, urekebishaji husema na mfungwa, na uondoaji wa uwezo hausemi na yeyote. Na kwa kila moja aeleze ushahidi gani ungeonyesha kwamba limeshindwa. Hatimaye aitumie sheria moja, kama hii ya mwaka 1963 na marekebisho yake, kuthibitisha hoja. Wanazuoni wengi wa karne ya 20 walipendekeza mseto ambamo malengo yanayotazama mbele hueleza kwa nini dola ina mfumo wa adhabu, na malipo huweka dari ambayo hakuna mtu binafsi anayeadhibiwa kupita hapo. Sheria ya Tanzania Bara ilifanya karibu kinyume chake: ilijenga sakafu kwa ajili ya hofu na ulinzi, na dari ya stahili ya mtu ikaachwa ndani ya mikono ya hakimu ambaye sheria hiyohiyo ilikuwa imemfunga.